Nani Mbia na Nani Si Mbia? Somo Kutoka Shimo la Vito

Mara kwa mara watu wanafika ofisini kwetu hapa Voi wakiwa na neno moja mdomoni: patna. "Huyu ni patna wangu, ananidai." "Mimi sikuwa patna, mbona nalipishwa?" Neno ni rahisi kutamka shimo likitoa kito. Shimo likitoa deni, kila mmoja anarudi nyuma, na neno linabaki halina mwenyewe.

Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kutambua kama biashara ni ya ubia, na kama ni ya ubia, wabia wake ni akina nani hasa. Tutatumia mfano wa machimbo madogo ya vito, kwa sababu katika Taita Taveta hiyo ndiyo kazi ambayo watu wengi huingia pamoja bila karatasi. Mfano huu tumeuunda wenyewe kutokana na mambo ya aina nyingi tuliyoyasikia. Msitafute ni shimo la nani.

Mfano wenyewe

Kuna shimo la tsavoraiti, kile kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo, katika ardhi ya ranchi moja. Bwana mmoja ana kibali cha uchimbaji mdogo kwa jina lake. Hana pesa. Mama mmoja mwenye duka Voi anatoa unga, maharagwe, maji, dizeli na vyombo. Vijana watano wanachimba. Hawalipwi mshahara, wanakula tu na kungojea siku ya kuuza. Ranchi inachukua shilingi 10 katika kila 100 ya mauzo. Dalali anayetafuta mnunuzi anachukua 5 katika kila 100. Pia kuna mwalimu mstaafu ambaye hakutoa hata senti, lakini anapenda kufika shimoni na kuzungumza na wageni.

Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri. Waliuza vito vya shilingi 420,000. Ranchi ikapata 42,000 na dalali 21,000. Gharama za mama zilikuwa 157,000, zikarudishwa. Zikabaki 200,000. Walikuwa wamepatana hivi: mama achukue 40 katika 100, mwenye kibali 30, na vijana wote 30. Kwa hiyo mama akapata 80,000, mwenye kibali 60,000, na kila kijana 12,000. Watu wakala, watu wakacheka.

Msimu wa pili walikodi kompresa ya kuvunja mwamba, shilingi 35,000 kwa mwezi, kwa mkopo, walipe baada ya kuuza. Ilikaa miezi minne. Mvua ikaja, shimo likajaa maji, kito hakikuonekana. Deni la kompresa ni 140,000. Mwenye kompresa sasa anataka pesa yake, na ameambiwa maneno sita na watu sita. Mwenye kibali: "Tulikuwa wengi, sote ni mapatna." Mama: "Mimi nilikopesha tu." Vijana: "Sisi ni vibarua." Ranchi: "Sisi ni ardhi." Dalali: "Mimi nauza tu." Mwalimu: "Mimi? Nilikuwa napita."

Nani asema kweli? Tusiangalie uso wa mtu. Tuulize maswali manne, moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: Je, kuna biashara inayoendeshwa pamoja?

Ubia ni watu wawili au zaidi kuendesha biashara pamoja kwa nia ya kupata faida. Hiyo ndiyo maana ambayo Kenya iliirithi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1890, na Sheria ya Ubia ya mwaka 2012, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, imeishika maana hiyo. Angalieni kwamba hakuna mahali inaposema lazima kuwe na karatasi. Ubia unaweza kuzaliwa kwa mdomo, hata kwa matendo tu.

Lakini kumiliki kitu pamoja peke yake si ubia. Ndugu wawili wakirithi ploti Voi na kugawana kodi ya vyumba, wao ni wenye mali ya pamoja. Mmoja akikopa pesa ya kununua pikipiki, mwenzake hadaiwi kwa sababu tu majina yao yako kwenye hati moja. Ndugu haohao wakianza kununua mchanga, kuajiri fundi, kujenga na kuuza, sasa wameanza biashara.

Watu wengine hutuuliza, "Na ubia wa kazi moja tu je?" Yaani watu wanaungana kwa shimo moja, au kwa lori moja la vitunguu kutoka Taveta, halafu basi. Kwa Kiingereza una jina lake, na wengi hudhani jina hilo linawatoa katika sheria ya ubia. Hapana. Hata kazi moja inaweza kuwa ubia, nao unakwisha kazi ikiisha. Jina mlilolipa haliamui kitu. Matendo yenu ndiyo yanaamua.

Katika mfano wetu, kuchimba na kuuza kwa misimu miwili ni biashara. Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Bado hatujui ni ya nani.

Swali la pili: Mtu anakula mauzo au anakula faida?

Hapa ndipo wengi hukosea. Pesa ya mauzo ni ile inayoingia kabla ya kutoa gharama. Faida ni ile inayobaki gharama zikishatolewa. Mtu anayegawiwa mauzo hajali kama unga umepanda bei. Fungu lake ni lilelile. Mtu anayegawiwa faida anaumia gharama zikiongezeka. Kwa hiyo kugawana mauzo, peke yake, hakumfanyi mtu kuwa mbia. Kugawana faida ni dalili ya ubia, tena dalili nzito, ingawa si mwisho wa maneno.

Chukueni mrabaha wa madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema mrabaha ugawanywe: 70 katika 100 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali pale. Mrabaha huo huhesabiwa kwa thamani ya madini yaliyouzwa. Hakuna mtu anayesema kwamba kaunti ni mbia wa mgodi na sasa ilipe deni la dizeli.

Ndivyo ilivyo kwa ranchi yetu ya mfano. Ilipata 42,000 kwa sababu mauzo yalikuwa 420,000. Kama gharama zingekula zote zilizobaki, bado ingepata 42,000. Dalali naye vivyo hivyo na 21,000 yake. Hao wawili tunaweza kuwatoa, isipokuwa kuwe na ushahidi mwingine dhidi yao.

Wamebaki mwenye kibali, mama na vijana. Hao wote walikula faida. Lazima twende mbele.

Swali la tatu: Biashara inaendeshwa kwa niaba ya nani?

Swali hili lina hadithi yake. Huko Uingereza palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha chuma kilichoitwa Stanton. Wenyewe walizama katika madeni. Mwaka 1849 walikubaliana na wadai wao kwamba kiwanda kiendelee chini ya wasimamizi, na faida iwalipe wadai hao. Bwana Hickman akauza mawe ya chuma kwa kiwanda, hakulipwa, akamshtaki Bwana Cox, mmoja wa wadai, akisema, "Wewe ulikuwa unagawiwa faida, kwa hiyo wewe ni mbia." Mwaka 1860 Baraza la Malodi lilikataa. Lilisema kugawiwa faida hakutoshi. Swali ni hili: Je, biashara ilikuwa ikiendeshwa kwa niaba ya huyo mtu, hata wale wanaoiendesha wakawa kama mikono yake? Wadai wale walikuwa wanangojea kulipwa deni lao. Kiwanda hakikuwa chao.

Sasa tumwangalie mama wa duka. Anasema alikopesha. Sheria humlinda mkopeshaji wa namna hiyo: mtu anaweza kukopesha biashara akalipwa kwa fungu la faida, na hilo peke yake halimfanyi kuwa mbia, lakini mkataba uwe wa maandishi na uwe na sahihi. Mama hana mkataba. Na hata angekuwa nao, tungemuuliza: Ulikopesha shilingi ngapi, na zilikuwa zirudi lini? Anajibu, "Zirudi tukipata kito." Na msipopata? "Basi, zimepotea."

Hapo tayari mkopo umeanza kufa. Mkopo hurudishwa, kito kipatikane kisipatikane. Pesa inayopotea pamoja na shimo ni pesa ya mwenye shimo. Tukafungua daftari na ujumbe wa simu, tukaona zaidi. Mama ndiye aliyemfukuza dalali wa kwanza na kuleta wa pili. Hakuna kito kilichouzwa bila yeye kuitwa kwanza. Tena yeye mwenyewe alimpigia simu mwenye kompresa kusema, "Ilete Jumatatu." Mkopeshaji hukaa dukani angojee pesa yake, haagizi kompresa. Kwa maoni yetu mama ni mbia, naye mwenye kibali ni mbia mwenzake.

Na vijana watano? Nao waligawiwa faida, lakini mfanyakazi anayelipwa kwa fungu la faida hawi mbia kwa sababu hiyo tu. Walipangiwa saa ya kuingia shimoni. Mmoja alifukuzwa kwa kuchelewa na mwingine akaletwa. Hawakuulizwa bei wala kompresa. Fungu lao lilikuwa mshahara uliovaa nguo nyingine. Hao ni wafanyakazi, si wabia.

Tukae hapa kidogo, maana jambo hili linagusa uhai wa watu. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi anayeumia kazini. Mbia hana mwajiri. Ndiyo sababu wenye mashimo wengine hupenda kuwaita vijana "mapatna": ukuta ukibomoka, mtu anavunjika mguu, anaambiwa, "Pole patna, sote tumepata hasara." Kijana anayeitwa patna ajiulize: Nilishauriwa nini? Naweza kuona daftari? Naweza kuzuia kito kisiuzwe? Kama majibu yote ni hapana, jina hilo amepewa bure.

Lakini tuseme pia upande wa pili. Kuna mashimo ambayo wachimbaji wenyewe huamua mahali pa kuchimba, huweka mtu wao wa kuandika gharama, na kito hakiuzwi bila wao kuwepo na kukubali. Wachimbaji wa namna hiyo wanaweza kuwa wabia kweli, na deni likija litawagusa.

Swali la nne: Nani alijionyesha kuwa mbia?

Amebaki mwalimu mstaafu. Hakutoa pesa, hakugawiwa kitu. Kwa maswali matatu ya kwanza yeye si mbia. Lakini siku ya kukodi kompresa alikuwepo. Mwenye kompresa alisita, akasema hawajui watu hawa. Mwalimu akamwambia, "Usiwe na wasiwasi mzee, mimi niko ndani, ni shimo letu." Yule mzee akaitoa kompresa kwa sababu ya heshima ya mwalimu.

Sheria inasema hivi: mtu akijionyesha kuwa mbia, au akiacha wengine wamwonyeshe hivyo huku akijua, na mtu mwingine akatoa mali kwa mkopo kwa kuamini hilo, hawezi kugeuka baadaye. Kwa mwenye kompresa, mwalimu atadaiwa kama mbia. Kwa mwenye duka la dizeli ambaye hakuwahi kumsikia, hadaiwi. Ni kwa yule tu aliyeamini. Na mwalimu akisema, "Basi kama nadaiwa, nipeni na fungu la faida ya msimu wa kwanza," jibu ni hapana. Kujionyesha huleta deni, hakuleti haki.

Deni linalipwaje?

Wengi hudhani deni la 140,000 likiwa la wabia wawili, kila mmoja atadaiwa 70,000 na kuachwa. Sivyo. Mwenye kompresa anaweza kumdai yeyote kati yao deni lote. Mwenye kibali hana kitu. Mama ana duka. Mnajua atabisha mlango gani. Ndiyo maana mama huyu analia: anaweza kupoteza rafu na mizani kwa deni alilodhani si lake.

Akishalipa yote, mama ana haki ya kumdai mwenzake sehemu yake. Kama hawakupatana jinsi ya kubeba hasara, hasara hufuata njia ya faida. Kati yao faida ilikuwa 40 kwa 30, yaani mafungu saba. Gawanyeni 140,000 kwa saba, kila fungu ni 20,000. Mama anabeba mafungu manne, shilingi 80,000. Mwenye kibali mafungu matatu, shilingi 60,000. Linganisheni na walichopata msimu wa kwanza: ni kilekile. Shimo limechukua lilichotoa. Na mama asipolipwa ile 60,000, hasara hiyo nayo ni yake.

Karatasi zinasema nini?

Mtu atauliza, "Kwa nini tusiende tu kuangalia jina lililosajiliwa?" Nendeni, lakini mjue mnachotafuta. Ubao wa barabarani haumtaji mwenyewe. Sisi tuna bahati ya LUMO, hifadhi ya wanyama iliyo upande wa barabara ya Taveta: jina lake limekusanya Lualenyi, Mramba na Oza, kwa hiyo ukilisoma umeshajua ni ardhi za akina nani zilizoungana. Majina mengi hayako hivyo. "Voi Hii na Hii Entapraizi" inaweza kuwa mtu mmoja, watu watatu, au kampuni.

Kama ni jina la biashara, Idara ya Usajili wa Biashara, kwa njia ya eCitizen, hutoa taarifa ya wenye jina hilo. Kama ni kampuni, ombeni CR12. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Na kama ni kampuni, somo linabadilika, kwa sababu kampuni ni mtu peke yake katika sheria, na deni lake kwa kawaida ni lake, si la mwenye hisa.

Lakini kumbukeni mama wetu. Jina lake halikuwa katika kibali wala popote. Usajili unaonyesha waliojiandikisha tu. Mbia asiyeandikwa bado ni mbia, na aliyeandikwa kwa heshima tu anaweza kuwa si mbia kati ya wenzake. Kwa hiyo pamoja na karatasi za serikali, tafuteni daftari la gharama, ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha nani alimlipa nani na baada ya kutoa nini, risiti zina jina la nani, na nani aliyempigia simu mwenye mali. Wekeni vitu hivyo kabla ya ugomvi, maana simu hupotea na daftari huliwa na mchwa. Mambo yakifika mahakamani, mpelekeeni wakili vitu hivyo, si maneno matupu. Hakimu anaweza kuyapima tofauti na sisi, hasa jambo la mama na la vijana, kwa sababu hapo dalili hupimwa zote pamoja.

Na kwa mama mwingine anayetaka kukopesha shimo kesho: andika kiasi, andika tarehe ya kurudishwa hata kito kisipopatikana, tieni sahihi wote wawili. Halafu ukae dukani. Ukianza kuagiza kompresa, ile karatasi haitakusaidia sana.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kikundi cha akina mama wanane wananunua tanki la maji na kila mmoja anauza maji kwa siku yake, pesa ya siku ni yake. Je, huo ni ubia au ni mali ya pamoja? Jibu lenu lingebadilika kama pesa yote ingewekwa pamoja, gharama zikatolewa, na salio likagawanywa?

2. Mwenye matatu anampa dereva gari. Dereva anapeleka kiasi kilichopangwa kila jioni, kinachozidi ni chake. Nani anakula mauzo, nani anakula faida? Je, wao ni wabia? Tumieni maswali yote manne kabla ya kujibu.

3. Katika biashara moja mnayoifahamu, nani anaitwa patna? Ulizeni kimya kimya: deni likija leo, mlango utakaobishwa ni wa nani?